Ujumbe wa bethdei kwa mama mkwe: nitume upi kati ya hizi tatu?

MkamwanaNgamiani
Habari za jioni wanajukwaa. Kesho mama mkwe wangu anatimiza miaka 60. Yeye yuko Muheza, ni mwalimu mstaafu, mimi niko Tanga mjini. Kumpigia nitampigia mchana, ila asubuhi nataka aamkie ujumbe wangu. Nimeandika hizi:

1. Heri ya siku ya kuzaliwa mama.
2. HERI YA SIKU YA KUZALIWA MAMAAA!!!!! 🎂🎂🎉😍😍🥳
3. hbd mama 🙂

Wifi yangu kasema ya kwanza kama risiti ya Luku, ya pili ya mtoto wa darasa la nne, na ya tatu hakuimaliza kusoma. Nishaurini.

KijanaWaChumbageni
Futa nukta zote. Nukta kwenye meseji maana yake mtu amenuna. Na hiyo 🙂 ni kejeli, sisi tunamtumia mtu aliyetuudhi.

BintiRaskazoni
Afadhali umelisema! Mimi mchumba wangu nilimtumia aya nzima bethdei yake, mioyo kibao, akajibu "Asante." Na nukta yake. Mpaka leo sijajua nilimkosea nini.

MhaririMstaafu
Chumbageni umepatia nusu. Kwenye chati, kubonyeza kutuma ndiko kunakomaliza sentensi. Nukta ya mwisho haina kazi tena, kwa hiyo msomaji anaitafutia kazi nyingine, na mara nyingi anaisoma kama mlango uliofungwa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, waliwasomesha wanafunzi 126 majibu ya neno moja. Kwenye meseji, majibu yenye nukta yalionekana hayatoki moyoni sana kuliko yasiyo nayo. Yalipoandikwa kwa mkono kwenye karatasi, tofauti hiyo haikuonekana. Angalia lakini: ni majibu mafupi, na wasomaji ni wanafunzi. Nukta iliyo katikati ya ujumbe wa sentensi mbili tatu haimkwazi mtu.

Mwalimu mstaafu ni msomaji mwingine. Huyo anaweza kuona "hbd mama" bila herufi kubwa wala nukta akadhani umeandika huku unapanda daladala. Hata 🙂 anayoiona kejeli Chumbageni, kwake huenda ni tabasamu tu.

Na hapo wote mmepitwa na jambo: shikamoo iko wapi? Ukiiacha hiyo, keki kumi hazitaziba pengo.

MkamwanaNgamiani
Mwee! Kweli kabisa. Na herufi kubwa je?

MhaririMstaafu
M ya "Mama" iwe kubwa, maana hapo umeitumia kama jina lake, na mwalimu ataiona. Sentensi nzima kwa herufi kubwa ni kelele, hata kama ni kelele za furaha. Alama ya mshangao moja inachangamsha. Tano ndizo zinazokurudisha darasa la nne, pamoja na hizo A zilizovutwa. Emoji nazo zije baada ya maneno, mbili zinatosha. Hizo 😍 mpe mumeo. Mimi ningeandika:

"Shikamoo Mama. Hongera kwa kutimiza miaka 60! Mungu akuzidishie afya na umri wenye baraka 🙏🎂"

Nukta baada ya shikamoo inakaa vizuri kwa sababu maneno yanaendelea. Mshangao upo kwenye hongera, ndipo penye furaha. Mwisho hakuna nukta, mikono ya dua imeshika nafasi yake.

MamaWaPongwe
Mimi ningempelekea doti ya khanga, mambo ya meseji ya nini?

MkamwanaNgamiani
Khanga ipo mama, Jumamosi tunampelekea. Naomba nitume kwanza.

*(siku ya pili)*

MkamwanaNgamiani
Nimetuma saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Amejibu: "MARAHABA MWANANGU. NIMEFURAHI. ASANTE." Herufi kubwa zote na nukta tatu! Amekasirika?

KijanaWaChumbageni
Hiyo ni moto. Kimbia.

MhaririMstaafu
Usikimbie. Panda juu kwenye meseji zake za zamani. Anaandikaje akiomba umletee sukari?

MkamwanaNgamiani
Nimeangalia. "NIPITISHIE SUKARI KILO MOJA." Zote hivyo, tangu mwaka jana.

MhaririMstaafu
Basi ndivyo simu yake ilivyo, au ndivyo anavyoona vizuri bila miwani. Huyo hajakukaripia. Ungekuwa na la kuuliza kama angekuandikia kwa herufi ndogo siku zote, halafu leo tu akabadilika. La kusoma hapo ni "mwanangu".

BintiRaskazoni
Na mchumba wangu je? Meseji zake nyingine hazina nukta hata moja.

MhaririMstaafu
Hiyo sasa muulize mwenyewe, tena kwa kupiga.