Naomba ushauri: 3,448 mm kwenda mita, jibu ni 3.4 au 3.5?

MamaNeema
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Binti yangu yuko darasa la sita, karudi na karatasi ya zoezi la vipimo iliyosahihishwa. Ni jedwali: juu urefu, katikati uzani, chini ujazo. Kila mstari umepewa kipimo kimoja, mtoto anajaza visanduku viwili vinavyofuata. Mstari unaonisumbua ni huu:

3,448 mm = ____ sm (kadiria hadi sentimita kamili iliyo karibu) = ____ m (kadiria hadi nafasi moja ya desimali)

Kaandika 345 sm, kapata. Kisha kaandika 3.5 m, kakoseshwa, na mwalimu kaandika 3.4 pembeni. Ukigawa 345 kwa 100 unapata 3.45, na sote tulifundishwa kwamba 5 inapandisha tarakimu iliyo mbele yake. Hiyo 3.4 imetoka wapi? Kwenye ujazo ni hivyohivyo: 1,648 ml kaandika 165 sl, sawa, halafu lita 1.7, kosa. Mwalimu anasema 1.6. Kabla sijaenda shuleni naomba nielewe, tena kwa namna nitakayoweza kumweleza mtoto.

Kipanga Mweusi
Dada, mtoto yuko sahihi. Kanuni ni moja: tarakimu inayofuata ikiwa 5 au zaidi, unapandisha. 3.45 inakuwa 3.5, haina mjadala. Walimu wanasahihisha karatasi nyingi usiku, huyo kapitiwa. Nenda nayo.

Bi Mkubwa wa Kisosora
Mwambie akariri ngazi: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Kila ngazi unayopanda unagawa kwa 10. Wanangu wote walipita kwa njia hiyo.

MamaNeema
Asante bibi, ngazi anazijua vizuri. Kugeuza hakumpi shida, shida ni pale kwenye kukadiria.

Mwl. Chaki
Nimefundisha hesabu shule ya msingi miaka mingi, na mstari wa aina hii hutegwa makusudi. Mwalimu wake yuko sahihi.

Kanuni ya Kipanga ni ya kweli, ila imetumika kwenye namba ambayo haikupimwa. Kilichopimwa ni 3,448 mm. Hiyo ni sentimita 344.8, na ukikadiria hadi sentimita kamili unapata 345. Hapo sawa. Lakini hiyo 345 tayari imeongezwa milimita mbili ambazo hazikuwepo. Ukiibeba kwenda kwenye mita, unazibeba na hizo mbili, na ndizo zinazokufikisha kwenye 3.45. Ile 5 unayoiona imezaliwa na makadirio ya kwanza.

Kwa hiyo kisanduku cha mita kinaanza upya na kipimo cha asili: 3,448 gawanya kwa 1,000 ni 3.448. Nafasi moja ya desimali ni ile 4 ya kwanza baada ya nukta. Inayoifuata ni 4, haifiki 5, basi haipandishi. Ile 8 ya mwisho haiulizwi kabisa. Jibu 3.4.

Kumweleza mtoto, mchukulie futi kamba. Mwambie atafute 3,400 na 3,500, kisha katikati yake, 3,450. Halafu aweke kidole kwenye 3,448. Ataona kwa macho kwamba kidole kiko milimita mbili upande wa 3,400. Kama kiko upande huo, hakiwezi kuwa karibu zaidi na 3,500. Na kwa jibu lolote anaweza kujipima mwenyewe: makadirio ya desimali moja hayaruhusiwi kuachana na kipimo cha asili kwa zaidi ya 0.05. Kutoka 3.448 hadi 3.5 ni 0.052. Imepita.

Ya lita ni hadithi hiyohiyo: 1,648 ml ni lita 1.648, inakuwa 1.6.

Fundi Vioo
Mimi nakata vioo na aluminiamu, nawaambia ukweli: haya makadirio yenu site yanaleta hasara. Dirisha likisoma milimita 1,448, ukaniandikia mita 1.4, kioo kinapwaya kabisa. Ukiandika 1.5 hakiingii. Kwangu kipimo kinabaki milimita mpaka mwisho, na kioo nakishusha milimita chache ili kicheze kwenye fremu. Hata kikisoma 1,449 sipandishi.

Mwl. Chaki
Fundi, wewe unachagua upande wa kwenda kwa sababu ya kazi: kioo kikizidi hakiingii, basi unashusha daima. Karatasi ya mtoto inauliza kitu kingine, kilicho karibu zaidi ni kipi. Lakini hapo kwenye kubaki na milimita mpaka mwisho, tunasema jambo moja.

Kipanga Mweusi
Nimeelewa hiyo ya milimita mbili, nakubali. Ila tazameni karatasi ilivyoandikwa: alama ya sawasawa kati ya visanduku. Mtoto akijaza anavyotaka mwalimu, inasomeka 345 sm = 3.4 m. Hiyo ni uongo mtupu. Mtoto aliyefundishwa kuheshimu alama ya sawasawa ataanzia kwenye 345, na ana haki. Angepewa alama.

Mwl. Chaki
Kuhusu alama ya sawasawa sikupingi. Mimi ningechora safu tatu bila alama hiyo, na juu ya safu ya mwisho niandike "anza na kipimo cha safu ya kwanza". Kumpa alama, hapana. Labda nusu kwa kugeuza vizuri.

Kipanga Mweusi
Nusu haitoshi. Maelekezo yakiwa na kasoro, gharama isiangukie kwa mtoto.

Zuhura_K
Naandaa majibu ya mazoezi kwa Excel na mtego huu upo humo pia. Milimita ziko A2, sentimita B2. Ukiandika hivi unapata 3.5 na 3.4:

```
B2: =ROUND(A2/10,0)
C2: =ROUND(B2/100,1)   → 3.5
C2: =ROUND(A2/1000,1)  → 3.4
```

Kinachochanganya watu: ukiacha ROUND kwenye B2 na kupunguza tu desimali zinazoonekana, kisanduku kinaonyesha 345 lakini ndani yake bado ni 344.8. Hapo hata ukitumia B2 unapata 3.4. Karatasi mbili zinazofanana kwa macho, majibu tofauti.

MamaNeema
Mwalimu, ya futi kamba imemwingia mara moja, kaweka kidole na kusema mwenyewe "kumbe haijafika". Kuna moja zaidi kwenye uzani: 2,996 g kwenda kilo, nafasi moja ya desimali. Kaandika 3, kakoseshwa, linatakiwa 3.0. Si ni kilo zilezile?

Mwl. Chaki
Ukiziweka kwenye mizani ni zilezile. Lakini swali limetaja nafasi. Anayeandika 3 anamwambia msomaji kwamba kipimo kiko popote kati ya 2.5 na 3.5. Anayeandika 3.0 anasema kiko kati ya 2.95 na 3.05. Sifuri hiyo inabeba habari, isifutwe.

Bi Mkubwa wa Kisosora
Hilo nalo wanakoseshea watoto wa darasa la sita? Mimi ningeweka vema.

MamaNeema
La sifuri nimelikubali. La alama ya sawasawa nitakwenda kumuuliza mwalimu wake kwa upole, nikiwa na karatasi mkononi.