Duka liliacha simu yangu wazi, akiba ya dagaa ikaibiwa. Nani anawajibika?

Mchuuzi wa Mwaloni

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitaeleza kwa utaratibu kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba namba ya siri niliitoa mwenyewe.

Ninauza dagaa kwa jumla pale mwaloni Kirumba. Mwezi wa pili nilinunua simu yenye Android 11 katika duka moja la Makoroboi, na kijana wa dukani akajitolea kunihamishia programu kutoka kwenye simu yangu ya zamani. Kila simu ilipokataa, aliingia kwenye mipangilio na kuwasha kitufe kilichoandikwa "Allow from this source": kwanza kwa programu ya kurushia mafaili, kisha kwa WhatsApp. Nilipomwuliza ni kitu gani, alinijibu, "Hiyo ni kawaida, mama, bila hiyo simu itakusumbua." Alimaliza kazi, akapokea hela yake, na vitufe vyote viwili akaviacha vimewashwa.

Wiki tatu baadaye mtu tunayemfahamu alituma kwenye kundi letu la wafanyabiashara faili linaloitwa `Bei_Dagaa.apk`, akidai kwamba linaonyesha bei za Kirumba, Nansio na Bukoba kabla mitumbwi haijafika. Kwa kuwa WhatsApp ilikwisha kupewa ruhusa, simu haikuniletea ule ukurasa wa kunizuia, bali iliniuliza tu kama ninataka kusakinisha, nami nikakubali. Ilipofunguka iliomba kusoma meseji. Kisha ikanipeleka yenyewe hadi kwenye mipangilio, mahali palipoandikwa "Display over other apps", ikieleza kwamba bei ya siku itaelea juu ya skrini, na baada ya hapo ikaomba "Usage access". Kiputo cha bei kilielea kweli, na hilo ndilo lililonifanya niiamini.

Jioni hiyo nilifungua programu ya benki ili nimlipe mwenye mtumbwi. Ukurasa wenye rangi na nembo zilezile ukaniomba namba ya siri, nikaandika, ukasema kuna hitilafu ya mtandao. Mara ukatoweka, ukurasa wa benki ukaniomba namba ileile kwa mara ya pili, na safari hii nikaingia. Nikalaumu mtandao, kama tunavyofanya sote. Asubuhi shilingi 640,000 hazikuwepo. Meseji yenye namba ya uthibitisho ya kusajili akaunti yangu kwenye simu nyingine ilikuwepo, imeingia saa nane na dakika kumi na mbili usiku, haijafunguliwa, nami nilikuwa nimelala.

Duka linasema hayo si yake. Huduma kwa wateja wa benki wanasema nilitoa siri. Ninauliza: mtu anayewasha kitufe cha hatari kwenye simu ya mteja bila kumweleza, na asikizime, hana kosa?

Kambale Mkubwa

Pole sana, mama. Tatizo lako ni hicho kitufe cha kwanza. Ukishakiwasha, WhatsApp inaweza kusakinisha chochote kimyakimya bila wewe kujua. Kizime leo na utakuwa umepona.

Fundi wa Pasiansi

Ndugu Kambale, uko sahihi nusu. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa hiyo hutolewa kwa kila programu inayoleta faili, wakati zamani kilikuwa kitufe kimoja cha simu nzima. Hata hivyo haisakinishi kimyakimya: kila faili bado linahitaji mtu abonyeze "Install", na mama ameeleza kwamba aliulizwa. Kitufe kile kiliondoa kizuizi cha kwanza, kile ambacho kingemfanya asimame na kujiuliza. Na kukizima leo hakuiondoi programu iliyokwisha kuingia, wala hakuzinyang'anyi ruhusa ilizopewa.

Wizi wenyewe umefanywa na zile ruhusa zilizofuata, na ni vizuri kuona jinsi zinavyosaidiana. Ruhusa ya kuonyesha juu ya programu nyingine haisomi unachoandika ndani ya benki. Inachofanya ni kuweka pazia, nawe unaandika juu ya pazia hilo ukidhani ni benki. Lakini pazia lazima lijue lianguke lini, na hiyo ndiyo kazi ya "Usage access", ambayo huiambia ni programu gani imefunguliwa sasa hivi. Namba ya siri peke yake haikumtosha mwizi, ndiyo maana ilitakiwa pia ruhusa ya kusoma meseji.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wengi hawalijui. Tangu Android 10, programu iliyo nyuma imezuiwa kujifungulia ukurasa wake mbele yako, lakini yenye ruhusa hii ya pazia iliachwa nje ya katazo hilo. Kwa hiyo ule ukurasa wa uongo huenda haukuwa pazia kabisa, bali ukurasa kamili uliorukia mbele. Kuanzia Android 12 programu ya benki inaweza kuiomba simu ifiche mapazia yote ya wengine, ila ukurasa wa namna hiyo haufichiki hivyo, na simu ya mama ni ya 11.

Dalili kubwa ni ile aliyoiona: kuombwa namba ya siri mara mbili, ya kwanza ikidaiwa kushindwa bila sababu.

Mama Nansio

Na mimi ninaomba msaada kuhusu hilohilo. Kwenye simu yangu ndogo nikifungua hapo penye "Display over other apps" naambiwa "Feature not available". Je, niliuziwa simu feki? Fundi wa hapa Ukerewe anataka elfu kumi na tano airekebishe.

Fundi wa Pasiansi

Usimpe hata shilingi, dada yangu. Inaelekea simu yako ni ya Android Go yenye RAM ndogo, na kwenye hizo, tangu toleo la 10, programu unazopakua hazipewi ruhusa hiyo kwa sababu mapazia yanakula RAM. Kwa jambo hili hasa umemzidi usalama mwenye simu ya bei kubwa.

Boda Igoma

Mimi sikubaliani na kuifanya ruhusa hii kuwa uchawi. Programu ninayopokelea abiria haiwezi kunionyesha ombi la safari nikiwa kwenye ramani bila hiyo. Nikizima, ninakosa abiria.

Fundi wa Pasiansi

Hujakosea, iachie hiyo. Mama, wewe fungua "Settings", kisha "Apps" au "Apps & notifications", kisha "Special app access", upitie jina kwa jina orodha tatu: ya kusakinisha programu, ya "Display over other apps" na ya "Usage access". Ile ya bei izimie ruhusa kwanza, ndipo uiondoe. Kitufe cha kuondoa kikiwa kimefifia, angalia "Device admin apps". Namba ya siri ibadilishe kwa simu nyingine, na udai benki ifute ile simu ngeni iliyosajiliwa. Kuhusu duka kuwajibika, hilo siliwezi, labda wanasheria waliomo humu waseme.

Mchuuzi wa Mwaloni

Nimefungua. Ya bei imekubali kuondoka. Kwenye orodha ya mapazia nimekuta pia programu ya tochi, iliyowekwa na kijana yuleyule siku ileile, nayo imewashwa. Tochi inataka kuonyesha nini juu ya benki yangu? Nimepiga picha za skrini zote, na Jumatatu ninarudi Makoroboi nazo.

Kambale Mkubwa

Mama, kabla hujaifuta hiyo tochi, piga picha na ukurasa wake wa "App info". Huko chini mara nyingi huandikwa ilitokea wapi.