Mnaotuchorea milango: duara halipo katikati, mistari haikutani. Imetosha!

FundiMninga (mwenye uzi)

Jamani, mnaochora milango kwa AutoCAD kisha mnatuletea sisi wa karakana tuchonge kwa mashine, leo nnasema wazi: mnachora kwa macho! Mnaona mistari imegusana kwenye kioo, mnasevu, mnatuma. Mashine haina macho. Inasoma namba.

Nina mlango wa mteja wa Mji Mkongwe, mbao mbili na mfaa katikati, mti mninga. Kila ubao ni milimita 600 kwa 1800, na katikati panakaa yungiyungi ndani ya duara. Kwenye faili niliyoletewa kona ya chini kushoto iko 0,0, kwa hiyo kituo cha duara lazima kiwe 300,900. Nimelichagua duara nikaandika LIST: 298.7,901.2. Mchoraji akachukua duara hilohilo akaligeuza kwa MIRROR kwenye mstari wa kati wa ubao, eti nakshi ifanane pande zote. Sasa yapo maduara mawili, vituo vimeachana milimita 2.6. Ningelichonga vile, kisu kingepita mara mbili na ukingo wa ua ungetoka mnene kushoto na kulia, mwembamba juu na chini. Mninga ukishachongwa haurudi!

Na mistari inayotoka kwenye kona kuja kwenye duara? Ukiwa mbali imekutana. Vuta karibu kabisa uone: mmoja haujafika, mwengine umepitiliza. Programu ya mashine inakataa umbo lililo wazi, haijui ndani ni wapi na nje ni wapi.

Nilipompigia mchoraji kaniambia "mbona osnap ninayo, nimetia tiki zote". Ndipo hasa penye balaa! Osnap ndiyo inayonasa nukta za mstari, na ukitia tiki zote, Nearest nayo imo. Ukisogea karibu na mstari, hata kama katikati yake hujaifikia, Nearest inanasa popote pale. Unaona alama imewaka, unabonyeza, unajua umepata nusu. Tazameni alama basi: pembetatu ni Midpoint, mraba ni Endpoint, mduara ni Center, msalaba wa X ni Intersection. Ukiona umbo kama saa ya mchanga, hiyo ni Nearest, na hapo hujapata kitu.

KijanaWaNg'ambo

Ami, pole. Ila si mngetumia PEDIT, Multiple, Join, mkatia fuzz distance milimita 2? Mistari yote inaungana yenyewe. Sisi tunafanya hivyo kila siku.

FundiMninga

Mwanangu, hapo umeziba ufa tu. Umbo litafungika, sawa, lakini kona itakwenda pale programu ilipoamua. Na duara je? Join hailisogezi hata chembe. Litabaki 298.7.

Bi_Ramani

Assalaam alaykum. Fundi, hasira yako ni ya haki, lakini nikuongezee jambo. Wapo wasiotia tiki zote, wameiacha AutoCAD kama ilivyokuja. Ikitoka kiwandani namba ya osnap, yaani OSMODE, ni 4133, yaani Endpoint, Center, Intersection na Extension. Midpoint haimo! Kijana anatafuta nusu ya mstari, haioni, anakisia kwa jicho.

Mimi wanaofanya kazi nami nawaandikisha hivi:

```
OSMODE
39
```

Hiyo ni 1 ya Endpoint, 2 ya Midpoint, 4 ya Center na 32 ya Intersection. Basi. Nearest mtu akiihitaji aiite kwa mara hiyo moja tu: ashike Shift, abonyeze kitufe cha kulia cha mausi, achague. Na ukiuliza OSMODE ikakujibu 16423, ujue ni 39 ileile ila imezimwa kwa F3. Mpangilio huu unakaa kwenye kompyuta, haufuati faili. Kwa hiyo ukihamia mashine ya mwenzio usiamini, uliza kwanza.

Sasa hilo duara lako. Washa F3 na F11 zote mbili, maana F11 bila ya F3 haina cha kufuatilia. Anza CIRCLE. Peleka kishale nusu ya ukingo wa chini, ngoja pembetatu itoke na kijialama cha kujumlisha kibaki pale. Usibonyeze! Wengi wanaharibu hapa, mkono unabonyeza wenyewe na duara linaanzia ukingoni. Nenda nusu ya ukingo wa kushoto, ngoja vilevile. Kisha rudi taratibu katikati ya ubao mpaka mistari miwili ya nukta ipishane, mmoja umesimama na mmoja umelala. Hapo ndipo unabonyeza. LIST itakupa 300,900 bila ya mapunguzo.

Kama ubao umechorwa kwa RECTANG, toleo la 2016 na yaliyofuata lina Geometric Center, inanasa katikati moja kwa moja. Lakini umbo liwe polyline iliyofungwa. Ukiwa umechora mistari minne mbalimbali haitokuonesha kitu, hata ingekutana sawasawa.

MchoraRaha

Mnasema sana, fundi. Mchoro wa mlango mnatulipa shilingi ngapi? Mteja anataka jioni, mabadiliko mara tatu, na pesa mpaka mlango ufungwe. Halafu mnataka tusubiri pembetatu.

FundiMninga

Bei tuizungumze, sikatai, na kuna mafundi wanawadhulumu. Lakini kusubiri pembetatu hakukuchukulii hata sekunde mbili. Mimi faili lile nimekaa nalo usiku kucha, nafuta na kuchora upya nakshi ya mtu mwengine. Hilo nani ananilipa?

Said_Chake

Mie niko Pemba, na mwenzenu F9 nimewasha, snap iko, na mistari bado haikutani.

Bi_Ramani

Kaka Said, F9 ni kitu chengine. Hiyo inafanya kishale kiruke kwenye gridi, haijui mstari wako uko wapi. Izime. Unayotaka wewe ni F3.

Said_Chake

Nimezima F9, nimewasha F3, nimeandika 39. Nusu inanasa, Endpoint inanasa. Lakini mipaka miwili ya kiwanja inapishana wazi kabisa, naiona, na ile X haitoki. Faili nimepewa na mpima.

Bi_Ramani

Chagua kila mstari, andika LIST, nitazamie Z.

Said_Chake

Mmoja Z ni 0 ncha zote. Mwengine una 4.2 upande mmoja na 3.8 upande wa pili.

Bi_Ramani

Basi haikutani kweli. Mmoja unapita juu ya mwengine, wewe unatazama kutoka juu ndio ukaona msalaba. Apparent Intersection itakunasia, na ukitia OSNAPZ kuwa 1 kila nukta utakayonasa itashuka kwenye usawa unaochorea, badala ya kuchukua Z ya mstari. Lakini zile 4.2 na 3.8 huenda ni urefu wa ardhi aliopima kwa makusudi. Usizifute bila ya kumuuliza.

Said_Chake

Nimempigia, anasema hakumbuki kama aliziweka yeye au zimetoka kwenye chombo. Sasa nifanyeje, dada?

KijanaWaNg'ambo

Tia FLATTEN, Z zote ziwe 0, umalize kazi.

FundiMninga

Hapana! Said, weka nakala ya faili pembeni kwanza. Na wewe Kijana, umeshatia hiyo 39 au bado?