Niliandika "Ukipona", mjuaji akageuza "Ungalipona"! Nimechoka naye

Wadau, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka. Yule mjuaji wetu, simtaji, mnamjua nyote, yule ambaye hata ukipiga chafya anakusahihisha, leo kavuka mpaka.

Mwenzetu kalazwa wiki ya pili. Tukanunua kadi, nikapewa kazi ya kuandika. Nikaandika: "Ukipona, tutasherehekea pamoja." Maneno matatu. Nikageuka kutafuta bahasha. Kurudi, mjuaji kachukua kadi nyingine, eti -ki- ni lugha ya watoto, watu wazima huandika kwa heshima. Akaandika kwa mwandiko wa madoido: "Ungalipona, tungalisherehekea pamoja." Akaifunga na kuipeleka mwenyewe.

UNGALIPONA! Mtu yuko hai, anagombania rimoti na mgonjwa wa kitanda cha pili! Kaisoma, kaishusha kifuani, kaniuliza kwa sauti ndogo: "Daktari kawaambia nini ambacho mimi sijaambiwa?" Mkewe akaangua kilio. Ungalipona! Ukimwambia mtu hivyo umeshamwambia hakupona. Tumemzika kwa silabi mbili, nga na li, na ua tukampa.

Kiti Moto cha Nyuma: Nimecheka mpaka nimepaliwa. Mkuu, ulipokuwa unatafuta bahasha ulikuwa unaichonga?

Bwana Kituo: Mbona rahisi. -nge- ni ya sasa, -ngali- ni ya zamani. Angeandika "Ungepona, tungesherehekea" yasingetokea haya.

Mama Viambishi: Mwanangu Kituo, nusu umepata. Hiyo -nge- nayo ingemliza. Mwambie mgonjwa "ungepona", atasikia unatamani tu, dalili huzioni. "Ukipona" unamwambia jambo linangojewa, mlango uko wazi. "Ungalipona" mlango umefungwa na ufunguo umetupwa. Mleta uzi alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ila -ngali- msiionee. Ina pahali pake hata kwenye kadi hiyohiyo. Mngeweza kumwandikia: "Usingalipelekwa mapema, hali ingalikuwa mbaya zaidi." Hapo ametulia, kwa sababu ukikanusha -ngali- maana inageuka: alipelekwa mapema, na hali haikuwa mbaya zaidi. Jambo lililosemwa kwa -ngali- hulipindua, ndipo unapata kilichotokea kweli. Sasa pindua "ungalipona" uone mlichompelekea.

Mleta uzi: Mama, nimepindua, nimelia upya. HAKUPONA. Ndicho alichokisoma kitandani!

Msafiri Mchovu: Mimi sioni kosa. Bibi yangu husema "angali mgonjwa" na mgonjwa hajafa. Kwa hiyo -ngali- inafaa kwa walio hai.

Mama Viambishi: Hiyo ni nyingine, mjukuu. "Angali mgonjwa" ni bado anaumwa. "Angalikuwa mgonjwa" ni kwamba hakuwa mgonjwa. Bibi yako yuko sawa, wewe ndiye umewachanganya.

Kiti Moto cha Nyuma: Msafiri ungalinyamaza ungalisalimika 😂

Dada Mkwaju: Afadhali nyinyi. Mimi nina mkubwa wangu kazini, naye simtaji, ananiandikia "ungalimaliza jana ningekulipa". Mguu mmoja -ngali-, mwingine -nge-! Nikamjibu achague kimoja, akasema hata pesa hachagui.

Bwana Kituo: Huyo kachanganya, lakini wangapi husema "ungekuja jana ningekupa"? Jana imeshapita na -nge- imo, na kila mtu anaelewa. Hiyo -ngali- imebaki kwenye vitabu na kwenye "ningalijua huja nyuma".

Mama Viambishi: Midomoni ni kweli, -nge- inabeba yote mawili, na neno "jana" ndilo linalofunga mlango. Mimi bado naitaka -ngali- pale ambapo hakuna "jana" ya kunisaidia. "Angeniambia ningekwenda": je, bado kuna nafasi au imepita? Sijui. "Angaliniambia ningalikwenda": imepita.

Msafiri Mchovu: Na kama sijui alikuja au hakuja? "Akija jana"?

Mama Viambishi: Hapana, -ki- hairudi jana namna hiyo. Sema "kama alikuja jana, alikuta mlango umefungwa." Hujui, na hujamkatalia.

Mleta uzi: Jamani, turudi kwenye kadi. Mjuaji hajaomba radhi, anasema mgonjwa ndiye hajui sarufi!

Dada Mkwaju: Pole. Ila "nisingalikwenda" na "singalikwenda", ipi sahihi? Mkubwa wangu kanikata maksi kwa "singalikwenda".

Bwana Kituo: "Nisingalikwenda." Hiyo nyingine ni ya kizamani.

Mama Viambishi: Kizamani kwa nani? Mimi nimezaliwa nayo, na zote mbili zinakanusha.

Bwana Kituo: Mama, shuleni tulifundishwa moja.

Kiti Moto cha Nyuma: Ngojeni nikalete kiti.