Tupeane uzoefu: uliukataje muhtasari wa riwaya ukatosha jalada la nyuma, na mwisho ukabaki siri?

Bint Kuze
Assalaam aleikum, wenzangu. Riwaya yangu inarudi mtamboni kwa chapa ya pili, na safari hii sitaki kosa lile linirudie. Mara ya kwanza nilichukua muhtasari niliompelekea mchapishaji, maneno kama 1,100, nikaufupisha sentensi kwa sentensi hadi ukabaki maneno 140. Siku moja nimesimama karibu na meza ya vitabu pale Mwembe Tayari, msichana mmoja akakigeuza kitabu, akasoma nyuma, akamwambia mwenzake, "Kumbe ni mjomba wake." Akakirudisha mezani.

Na hakukosea. Mwisho wa maelezo yangu ulikuwa hivi: "Mwanasha anasafiri kwa siri, akisaidiwa na Mjomba Athumani aliyemlea tangu baba azame. Huko Kilwa hatimaye anagundua kwamba aliyemwamini kuliko wote ndiye aliyemficha ukweli." Sikusema ni nani. Amejuaje? Wenye yaliyowakuta waniambie.

Mama Likoni
Pole sana, shoga. Mimi nilifanya kama wewe unavyotaka, nikauficha mwisho. Mswada ulirudishwa na kijibarua kwamba hawawezi kuamua juu ya hadithi wasiyojua inaishaje. Nililia siku mbili.

Bint Kuze
Pole nawe, dada. Ila huo wako ni muhtasari wa kumpa mchapishaji. Ule sharti useme kila kitu, na aliyekufa na aliyefufuka. Mimi nauliza ya nyuma ya kitabu, anayosoma mnunuzi.

Mama Likoni
Ahaa. Basi ndiyo nimejua leo kuwa ni vitu viwili. Nilikuwa nikitumia karatasi moja kwa kazi zote mbili.

Kijana wa Kisauni
Dawa ni moja: malizia kwa swali. "Je, Mwanasha atampata baba yake?" Mimi vitabu vyangu vyote viwili nimemaliza hivyo, na hakuna aliyelalamika.

Mzee wa Makadara
Kijana, swali si baya, lakini halimtibu huyu. Hata angeandika "Je, ni nani aliyemficha ukweli?" jibu lingekuwa lile lile, kwa sababu jalada zima lina mtu mmoja tu wa kushukiwa. Mwanangu Bint Kuze, umetaja watatu: binti, baba aliyezama, na mjomba. Baba ndiye anayetafutwa, binti ndiye anayetafuta. Ukisema "aliyemwamini kuliko wote", msomaji hana pa kwenda isipokuwa kwa mjomba. Hukumtaja, lakini umemwacha peke yake uwanjani.

Nimehariri riwaya miaka mingi, na siku zote naanza hivi. Nauchapisha muhtasari kwenye karatasi, naushika kwa penseli, natafuta mahali ambapo mhusika mkuu anafanya jambo asiloweza kulirudisha nyuma. Mara nyingi huwa karibu na robo ya kwanza ya hadithi. Hapo napiga mstari. Yaliyo chini ya mstari hayaingii jaladani hata yakiwa matamu vipi. Wewe ulifupisha muhtasari wote, ndiyo maana mwisho ulikuja nao. Ukikikausha kitu chote, mkia nao unakauka ukiwa hapo hapo.

Kisha nasoma nilichobakiza, neno moja moja, kutafuta yanayovuja. "Hatimaye" na "anagundua kwamba" hutangaza kuwa jibu linafuata. Lakini mbaya zaidi kwako ni "tangu baba azame". Riwaya yako sikuisoma, niambie: alizama kweli?

Bint Kuze
Hakuzama. Yu hai Kilwa, ana mke mwingine, na huyo mke ndiye aliyeandika barua inayomfanya Mwanasha asafiri. Mjomba aliwahi kupokea barua mbili kabla ya hiyo, akazificha. (Walio hapa wasionisoma, nisameheni, nimewaharibia.)

Mzee wa Makadara
Basi jalada lako lilivujisha na lilisema uongo, yote mawili. Mwandishi akiandika "alizama" kwa kauli yake mwenyewe, msomaji akifika mwisho ataona amedanganywa na kitabu. Sema walichofanya watu kwa kuamini kuwa amekufa. Watu wa mtaa walifanya nini jahazi lisiporudi?

Bint Kuze
Walimswalia swala ya ghaibu. Mama akakaa eda.

Mzee wa Makadara
Hayo hapo. Yametokea kweli, na hayasemi kama yu hai au hayupo. Na huyo mwandishi wa barua, lugha yetu imekusitiri: "aliyeiandika" haisemi mume wala mke. Usije ukaandika "bibi mmoja" wala "mwanamke asiyejulikana". Sasa, ukipiga mstari, unaangukia wapi?

Bint Kuze
Nadhani pale anapopanda jahazi. Mama alikuwa ameshakubali posa ya mtu mwingine.

Mzee wa Makadara
Subhanallah. Na posa haikuwemo jaladani! Ulibeba mwisho ukaiacha shida yenyewe.

Fundi wa Tononoka
Na mimi niseme la kwangu, natengeneza majalada. Kitabu cha saizi ya A5, baada ya kuacha nafasi ya ile mistari ya kupigwa mashine ya duka pale chini na picha ya mwandishi, maneno 150 ndiyo mwisho kwa herufi za kusomeka. Mwandishi mmoja aliniletea 310. Nilipunguza herufi hadi wazee wakahitaji miwani juu ya miwani. Sifanyi tena, narudisha. Ukipunguza picha yako, dada, utapata mistari mitatu zaidi.

Bint Kuze
Picha naiondoa kabisa. Nimekaa nayo usiku kucha baada ya Isha, nimepata hii:

"Jahazi la Nahodha Bakari halikurudi. Mji wa Kale ukamswalia swala ya ghaibu, mkewe akakaa eda. Miaka saba imepita, nyumba inapakwa chokaa: mama amekubali posa, na ndoa ni mwezi ujao. Ndipo Mwanasha, mshona kofia, anapoletewa bahasha kutoka Kilwa isiyo na jina la aliyeiandika. Ndani mna mistari miwili ya maneno, na kofia aliyomshonea baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Akiionyesha na ikawa ni uzushi, atakuwa ameivunja nyumba ya mamake kabla haijasimama. Akiificha na ikawa ni kweli, mama ataolewa naye bado ni mke wa mtu. Na jahazi la Kilwa linang'oa nanga alfajiri."

Mjomba simtaji popote.

Kijana wa Kisauni
Hakuna swali hata moja, na bado nataka kujua. Nimekubali. Ila mimi ningeitoa "Kilwa". Si inaonyesha baba yuko wapi?

Mzee wa Makadara
Inaonyesha bahasha imetoka wapi. Kofia inaweza kufika Kilwa bila kichwa chake.

Mama Likoni
Mimi kofia ndiyo inayonisumbua. Mtu wa baharini hazami na kofia ikaja kwa posta. Nikiisoma dukani, nusu yangu imeshaamini yu hai.

Mzee wa Makadara
Nusu naikubali. Nusu ndiyo anayohitaji Mwanasha ili apande chombo. Ikizidi nusu, tumeharibu.

Mama Likoni
Kwangu imezidi kidogo.

Bint Kuze
Faili inakwenda kwa mpiga chapa Alhamisi. Nimewapa majirani watano jalada bila kitabu, niwaulize kila mmoja baba yu hai au amekufa. Wawili wamesema yu hai, mmoja amesema amekufa. Nawangoja wawili.