Naomba ushauri: jina la akaunti ya kuuzia vitu vilivyotumika, watu waniamini bila ya kujua jina langu

Mkadi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nasomesha skuli hapa Unguja, na huu mwaka wa pili nauza vitu vilivyotumika: vyombo, mapazia, nguo za watoto, na cherehani moja moja ninazozipata kwa watu wanaohama nyumba. Sitaki jina langu lionekane. Wazazi wa wanafunzi wangu ndio hao hao walio kwenye magrupu ya kuuziana, na sipendi mtu anifuate mlangoni mwa darasa kuniomba nimpunguzie bei ya sufuria.

Nilipoanza nilifungua akaunti kwa jina la Salha Khamis. Si jina langu, nililibuni tu. Kwa vitu vidogo lilikwenda vizuri, maana watu wakija kuchukua wenyewe na kulipa taslimu. Mwezi uliopita dada mmoja wa Wete akaitaka cherehani, tukapatana 180,000, na kesho yake niitie kwenye boti. Nikampa namba ya kutumia pesa. Hazikupita dakika mbili akanipigia: "Mbona hapa linakuja jina jengine?" Nikababaika, nikamwambia hiyo namba ya dada yangu. Akaniuliza, dada yako gani ambaye hata jina la baba si moja? Akakata simu. Jioni nikaiona picha ya skrini kwenye grupu, majina mawili yamezungushiwa duara jekundu na chini yake limeandikwa neno "tapeli". Cherehani yenyewe ilikuwa mezani mbele yangu, nimeshaipaka mafuta na kuifunga kwa khanga kuukuu.

Nimelia, sikufichi. Sasa nataka kuanza upya. Nitumie jina gani ambalo mnunuzi ataliamini na mimi nibakie nimejisitiri?

ShangaziAmani
Pole sana mwanangu. Mie ningekwambia utie jina lenye kheri: Amana, Ikhlas, Baraka. Watu wetu wakiliona jina kama hilo moyo unatulia. Halafu utie na picha ya mtu, maana akaunti isiyo na sura haiaminiki. Kama hutaki yako, tia hata ya mtu mwengine aliyejistiri vizuri.

Ngalawa77
Jina la biashara husajiliwa BPRA, ndio wakala wa usajili wa biashara hapa Zanzibar. BRELA ni ya Bara, usije ukapotezwa. Nenda kaangalie kwanza kama jina unalolitaka halijachukuliwa.

Mkadi
Ahsante Ngalawa77, lakini bado sijafikia huko. Nauza vitu vitano sita kwa mwezi. Ninalouliza ni jina la kwenye akaunti.

Mzee_wa_Makochi
Nauza makochi na makabati yaliyotumika Mwanakwerekwe, na mtandaoni nipo mwaka wa saba. Jina langu la kweli halimo popote, na wateja wa Pemba wananitumia pesa kabla hawajaliona kochi. Kwa hivyo nitakujibu kwa nilivyoona.

Bi Mkadi, kosa lako silo kuficha jina. Kosa ni kwamba ulijificha nyuma ya jina la mtu mwengine. Mtu akijiita Salha Khamis, mnunuzi anatarajia Salha Khamis atokee kila mahali. Anapotuma pesa kwa simu, kabla hajathibitisha, jina ulilosajilia laini linamtokea. Hapo ana majina mawili ya watu wawili, na hiyo ndiyo alama ya mwanzo ambayo kila mtu amefundishwa kuiogopa. Yule dada wa Wete alifanya linalostahiki. Hata mimi nisingelituma.

Jina la duka halina tatizo hilo. Ukijiita Kasha la Vyombo, hakuna anayetarajia kuwa mama mtu kamzaa mwanawe akamwita Kasha la Vyombo. Anajua nyuma yake kuna mwenyewe. Jina lako likitokea kwenye malipo, ni jina la mwenye duka, halipingani na kitu. Na unamwambia mapema, kabla hajauliza: "Ukituma, litatokea jina linaloanzia na Z, ndio mimi mwenyewe." Likitokea kama ulivyomwambia, imani yake inazidi badala ya kupungua. Kwa njia hiyo jina lako analiona mtu mmoja tu, yule aliyekwishaamua kununua. Grupu zima la watu elfu mbili halilioni.

Ukitaka hata huyo mmoja asilione, chukua lipa namba. Lakini kabla ya kuitangaza uliza ni jina gani litakalotokea, kisha mwambie ndugu yako alipie shilingi 1,000 akupigie picha ya skrini. Mimi yangu ya kwanza niliandikiwa jina la duka, na lilipotokea lilikuwa jina langu mie kamili na la babu. Nisingelijaribu nisingelijua.

Shangazi nakuheshimu, ila kwenye picha hapana kabisa. Picha ya mtu mwengine ni lile lile jina la kubuni, tena baya zaidi, maana mwenye sura anaweza kuwa shemeji ya mnunuzi. Kisiwa hiki kidogo. Tia picha ya kitu: khanga unayofungia mizigo, au kasha lenyewe. Na hayo majina ya Amana, matapeli nao wanayapenda kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja.

ShangaziAmani
La picha nimekubali, sikulifikiria hivyo. La Amana sikubali. Duka la marehemu mume wangu lilikuwa na jina kama hilo miaka 20 na hakuna aliyewahi kudhulumiwa.

Mzee_wa_Makochi
Kwa duka lenye mlango, Shangazi, watu wanamjua mwenyewe, jina linamfuata yeye. Mtandaoni jina ndilo linalotangulia. Lakini sikupingi, wengine wanalitumia na wanauza.

Karafuu_Chake
Na mimi niongeze yaliyonipata. Nauza simu zilizotumika Chake Chake. Nilianza na ukurasa wa Facebook unaitwa iPhone Pemba. Baada ya miezi mitatu nikapata redio na televisheni, jina likawa halifai, nikabadilisha. Baadaye nikabadilisha tena nikatia neno "original". Siku moja mteja akanitumia picha ya sehemu ile ya ukurasa inayoitwa Page transparency, mumo majina yangu yote ya zamani na tarehe nilizoyabadilisha. Akaniuliza nimemkimbia nani. Sikuwa nimemkimbia mtu. Kwa hivyo dada usitie kwenye jina kitu unachouza leo tu, wala mwaka, wala tarakimu za kujazia. Chagua moja ukae nalo.

Na jengine: Facebook akaunti ya mtu binafsi inatakiwa iwe na jina unalojulikana nalo. Rafiki yangu alijiita jina la duka kwenye akaunti binafsi, ikafungwa akatakiwa kitambulisho. Kitambulisho kina jina jengine. Miaka miwili ya wateja ikaenda. Jina la duka litie kwenye ukurasa, sio kwenye akaunti yako.

Mkadi
Shukran sana nyote. Nimekaa usiku nimeandika matatu. La kwanza Mama Nasra Used Items, Nasra ni mwanangu. La pili Qasha_Fuoni_Kibondeni. La tatu Kasha la Unguja. Mzee naomba unambie ukweli.

Mzee_wa_Makochi
La kwanza liache. Skuli nzima inajua mama Nasra ni nani, na umemtoa mtoto mbele badala yako.

La pili lina mambo mawili. Hiyo Q: mteja akimwambia mwenzake kwa mdomo "tafuta kasha", ataandika K na hatokupata, au atampata mwengine. Jina zuri ni lile ambalo mtu akilisikia mara moja kwenye daladala anaweza kuliandika. Halafu Fuoni Kibondeni ni mtaa wako. Ukitia mtaa na picha ya mapazia yakiwa yametundikwa kwenye madirisha yako, umeshamwelekeza mtu hadi mlangoni.

La tatu linafaa. Unguja inamwambia mnunuzi uko wapi, anajua boti itamchukua siku ngapi, na haijamwambia nyumba. Litafute kwanza Instagram na Facebook, kama kuna duka jengine lenye jina hilo au linalokaribiana nalo liache, usije ukabeba lawama za mtu. Likiwa halina mwenyewe, lichukue kote siku moja, liandikwe sawasawa herufi kwa herufi: kashalaunguja.

fundi_redio
Mmesahau namba ya simu. Mnunuzi mjanja anaichukua namba yako anaitia Truecaller, na kule linatokea jina watu walilokuandika kwenye simu zao. Mimi lilitokea "Fundi Redio Mkorofi" na sijui nani aliniandika hivyo. Kwako Mkadi pengine litatokea "Ticha" na jina la skuli. Pata laini nyengine ya biashara tu, na usimpe mtu wa skuli hata mmoja.

Mkadi
Nimejaribu sasa hivi kwa simu ya mdogo wangu. Limetokea "Tcha" na jina langu na "hesabu". Ya Allah. Laini mpya nitaitafuta Jumamosi.

Ngalawa77
Laini mpya nayo utaisajili kwa kitambulisho chako na alama ya kidole, kwa hivyo kwenye malipo jina lako ni lile lile.

fundi_redio
Ni kweli. Inamficha kwa Truecaller tu, malipo ni kama alivyosema Mzee.

Mkadi
Limebaki moja. Yule dada wa Wete. Nikifungua Kasha la Unguja kimya kimya, na akaja kuijua sauti yangu au ile cherehani?

ShangaziAmani
Liache lipite mwanangu. Watu wanasahau. Ukirudi kwenye hilo grupu unalichokonoa upya.

Mzee_wa_Makochi
Mimi ningemwandikia yeye, sio grupu. Mchukulie video cherehani ikishona, sema kwa sauti tarehe ya leo na jina lake. Mwambie Salha ulilibuni kwa kuogopa mambo ya kazini, na namba ilikuwa yako, sio ya dada. Usimwombe anunue. Maana ile ya dada ndiyo uongo wenyewe, jina lilikuwa sitara tu.

Karafuu_Chake
Mimi niko baina yenu. Akiichukua hiyo video akaitia kwenye grupu? Sauti ya mwalimu wanafunzi wanaijua.

Mkadi
Nimemwandikia jana baada ya isha. Video nimepiga bila ya kusema, tarehe na jina lake nimeviandika kwenye karatasi nikaiweka chini ya sindano, cherehani ikashona juu yake mstari mmoja wa uzi mwekundu. Ameiona saa 3:40 usiku. Leo asubuhi amejibu: "Bado ipo?" Nimemwambia ipo, na kwamba akituma safari hii litatokea jina lile lile aliloliona siku ile. Hajajibu bado.