Gazeti la Dar linanitaka niwe mwandishi wao Mwanza kwa malipo ya habari moja moja. Nisaidieni kuupima mkataba huu

Kalamu ya Kirumba

Habari zenu wakuu. Nina diploma ya uandishi wa habari na ninafanya kazi kwenye redio moja hapa Mwanza. Mshahara ni 300,000 kwa mwezi, na NSSF wanapeleka. Sasa gazeti moja la kila siku la Dar limeniita nichukue nafasi ya mwandishi wao wa mkoa anayeondoka. Masharti yao ni haya:

Habari ya kawaida ikichapishwa 8,000. Ikitoka ukurasa wa mbele 15,000. Picha 3,000. Ambayo haikuchapishwa hailipwi. Dawati la mikoa linafungwa saa 9 alasiri. Nauli na bando ni juu yangu. Nisiandikie chombo kingine chochote. Halafu kuna kifungu kwamba nikileta tangazo kutoka taasisi yoyote ya mkoa napata asilimia 10 ya thamani yake.

Mhariri ameniambia kwa simu kwamba "mtu mchapakazi hakosi laki nne". Moyo wangu uko kwenye gazeti, maana redioni nasoma taarifa za watu, siandiki uchunguzi wowote. Lakini nina mtoto na kodi ya nyumba. Niende au nibaki?

Mchambuzi Huru

Kijana, kabla ya yote hakikisha una ithibati. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 hairuhusu mtu kufanya kazi hii bila kitambulisho, na elimu ya chini ni diploma. Ukisoma mpaka shahada utapata kazi nzuri zaidi. Rudi darasani.

Kalamu ya Kirumba

Asante mkuu, diploma ninayo na kitambulisho ninacho. Swali langu ni la mkataba.

Dada Dawati

Nimekaa dawati la mikoa kwa miaka mingi, mara nyingi mimi ndiye niliyekuwa nawapokea waandishi kama wewe. Hiyo laki nne usiichukue kwa neno la mdomo, ihesabu mwenyewe. Nenda Maktaba ya Mkoa hapo Mwanza au kwa muuza magazeti anayehifadhi nakala za zamani. Chukua magazeti ya mwezi mmoja mzima na uhesabu jina la huyo unayerithi nafasi yake limetokea mara ngapi. Andika ngapi zilikuwa ukurasa wa mbele, na picha zake ni ngapi.

Wakati unahesabu, angalia vitu viwili vingine. Kuna habari zinazoandikwa "Na Mwandishi Wetu, Mwanza", bila jina. Uliza kama hizo zinalipwa na nani anaweka kumbukumbu zake. Na kuna zile za "Na Waandishi Wetu, Mikoani", ambapo bei ya mahindi ya Mwanza, Mbeya na Songea imeunganishwa kuwa habari moja. Watu watatu wamehangaika sokoni, na malipo ni 8,000 moja inayogawanywa, au kuna asiyepata kitu. Mwandishi wa mkoa hupoteza hela nyingi hapo, na mkataba wako hausemi lolote kuhusu hilo.

Ukishapata hesabu, rudi hapa.

Mtetezi 61

Mimi nasema chukua bila wasiwasi. Sheria ya kazi iko wazi, ukifanya kazi miezi mitatu unakuwa mwajiriwa wao moja kwa moja, watake wasitake. Wakikuzingua unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, unalipwa kila kitu.

Wakili wa Mtaani

Mtetezi, umekaribia lakini hapo kwenye "moja kwa moja" umeteleza. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu *atachukuliwa* kuwa mwajiriwa kama mojawapo ya mambo kadhaa lipo, haijalishi mkataba umeandikwaje. Hiyo miezi mitatu imo, ila inaambatana na wastani wa angalau saa 45 za kazi kwa mwezi. Mengine ni kama anaelekezwa namna ya kufanya kazi, kama kipato chake kinamtegemea mtu huyo, au kama anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Mwenye chombo anaruhusiwa kuleta ushahidi wa kupinga, na ubishi huo unaweza kuchukua muda.

Kwa hiyo Kalamu, kile kifungu cha kukukataza kuandikia wengine kinakufungia riziki, lakini siku mkikorofishana ndicho kitakachokusaidia, kwa sababu wao wenyewe wameandika kwamba unawafanyia kazi wao peke yao. Tunza kila ujumbe wa mhariri anaokupangia kazi na saa aliyoutuma. Na ujue muda wa kupeleka shauri CMA ni mfupi: siku 30 kwa kuachishwa kazi isivyo halali, siku 60 kwa madai mengine. Waandishi wengi hufika wakati muda umeshapita, maana wanaambiwa "subiri mwisho wa mwezi" mara mbili tatu.

Msemakweli wa Kilifi

Mimi niko Kenya, nimekuwa mwandishi wa kaunti kwa gazeti la Nairobi. Sisi tulikuwa na pesa kidogo ya kila mwezi iwe umeandika au hujaandika, halafu juu yake malipo ya kila habari. Hiyo pesa ya kudumu ndiyo iliniwezesha kufuatilia kesi moja ya ardhi muda mrefu bila kutuma chochote. Walipoiondoa, niliiacha ile kesi. Nikawa natuma mikutano ya gavana, mitatu kwa siku, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa inalipa. Ndugu yangu, hukuambiwa usiandike uchunguzi, lakini bei imeshakuamulia. Omba hata kidogo cha kudumu.

Kalamu ya Kirumba

Nimerudi na hesabu. Nimepitia magazeti ya mwezi mmoja. Jina la mtangulizi wangu limetoka mara 21, mbili kati yake ukurasa wa mbele. Picha 9.

Kawaida 19 × 8,000 = 152,000. Mbele 2 × 15,000 = 30,000. Picha 27,000. Jumla 209,000. Nimeuliza, kuna kodi ya zuio ya asilimia 5, inabaki 198,550.

Bando 30,000. Nauli za Nyamagana na Ilemela kama 60,000. Nikitoka nje ya jiji mara moja kwa wiki, Magu au Sengerema, 20,000 kila safari, hiyo ni 80,000. Nabaki na 28,550. Na mtangulizi ni mtu mzoefu, anajulikana kila ofisi.

Dada Dawati

Sasa umeuona mkataba wenyewe. Mtangulizi wako haishi kwa 28,000. Anaishi kwa posho anazopewa na waandaaji wa semina, na kwa ile asilimia 10. Gazeti linajua hivyo, ndiyo maana bei ya habari imebaki 8,000.

Tuseme halmashauri inachukua ukurasa mzima wa tangazo kwa milioni tatu. Fungu lako ni 300,000, zaidi ya malipo ya habari 37. Wiki hiyohiyo diwani anakuletea nyaraka za zabuni ya barabara iliyolipwa kabla kazi haijaisha. Afisa anayesaini tangazo lako ndiye unayetakiwa kumpigia simu kumuuliza kuhusu zabuni. Hakuna mhariri atakayekuzuia, wala hakuna atakayejua. Utajizuia mwenyewe, na utajiambia kwamba nyaraka hazijakamilika. Nimewaona waandishi wazuri wakizima hivyo, inaniuma mpaka leo. Omba kifungu hicho kiondolewe kabisa na thamani yake ihamishiwe kwenye nauli.

Kuhusu saa 9. Usiulize tu dawati linafungwa saa ngapi, uliza orodha ya habari inapangwa saa ngapi. Kwenye magazeti niliyofanyia kazi, habari ambayo haikutajwa kwenye kikao cha asubuhi inapata nafasi kwa bahati. Baraza la madiwani likianza saa 4, mjadala mkali huja mchana. Unatuma asubuhi mistari miwili kwamba kuna hoja ya mapato sokoni, wanakuwekea nafasi. Saa 8 unapiga simu unasoma aya tatu za kwanza, mengine yanafuata.

Shida kubwa ya saa 9 ni ya yule unayemtuhumu. Umepata tuhuma saa 7, umempigia mkurugenzi saa 8:40, yuko kikaoni. Kesho inatoka "alipotafutwa hakupatikana". Kwako wewe usiyelipwa isipochapishwa, kungoja siku moja ni kuhatarisha 8,000, kwa hiyo hutangoja. Muulize mhariri: habari ya tuhuma ikikosa upande wa pili, mnaishikilia mpaka kesho, na ikishikiliwa bado inalipwa? Jibu lake litakuonyesha dawati lile linaendeshwaje.

Mama Pansiansi

Mimi nimefanya kazi kwa mtindo huohuo na nimesomesha watoto wawili. Dada Dawati anasema kweli, lakini nauli ya mwenye semina naichukua na habari naandika nilivyoiona. Bila hiyo nauli, vijiji vya huko Ukerewe visingeandikwa kabisa. Msimhukumu mtu anayevuka ziwa kwa hela yake.

Dada Dawati

Dada, sikuhukumu. Wa kulipa kivuko chako ni gazeti. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zinamkataza mwandishi kupokea kinachoweza kuathiri kazi yake, na mwenye gazeti amekuachia wewe ubebe huo mzigo.

Mama Pansiansi

Gazeti halilipi. Sasa watu wa Ukerewe wafanyeje?

Kalamu ya Kirumba

Nimezungumza na mhariri jana. Nimemwomba mambo manne: kiasi cha kudumu kila mwezi, habari waliyoniagiza ilipwe hata ikikosa nafasi, tangazo liondoke kwenye mkataba wangu, na kama hakuna cha kudumu basi niruhusiwe kuandikia majarida nje ya magazeti ya kila siku.

Ya kuagizwa amekubali, nusu ya malipo. Majarida amekubali. Cha kudumu amesema bajeti haipo. Kuhusu tangazo amecheka, akasema "hakuna anayekulazimisha kuleta". Nimemuuliza pia nikishtakiwa kwa kashfa nani anaweka wakili, akaniambia hilo ni la idara ya sheria, atanijibu.

Redio nao nimewaambia naomba siku moja kwa wiki niandike makala za gazeti kama mtu wa nje. Hawajakataa.

Wakili wa Mtaani

Hilo la wakili usilisubiri kwa simu. Mwandikie barua pepe leo, ajibu kwa maandishi, na usisaini kabla hajajibu. Nusu ya malipo aliyokubali nayo iingie kwenye mkataba, iseme kwamba kuagizwa ni pamoja na ujumbe wa simu, maana kazi nyingi utapangiwa kwa ujumbe.

Msemakweli wa Kilifi

Na uulize wanalipa tarehe ngapi. Sisi tulisaini kila kitu vizuri, malipo yakawa yanakuja baada ya miezi miwili.